Chekecho la haraka: kichekesho cha boti, hafla ya kumuaga mzee anayestaafu, Chake Chake Jumamosi

Yakhe nimekisoma. Kila kipengele nakupa alama juu ya 5.

Ulivyoandika: "Kulikuwa na jamaa mmoja bahili sana wa Kipemba, katoka Malindi na boti ya asubuhi, kapanga foleni weee, tiketi kakata, kapanda juu, kufika mkondo wa Nungwi boti ikalala ubavu watu wakajua leo basi, kila mtu anatapika yeye katulia, akaulizwa we hutapiki? akasema chapati nilokula nimekopa, nikitapika samaki watakula bure na deni litabaki langu."

Kushtukiza: 2. Wazo lenyewe tamu, tena nilicheka, lakini ushasema "bahili" mwanzo kabisa, mtu keshajua unakokwenda. Na neno linalochekesha ni samaki, wewe umeliweka katikati halafu ukaendelea na deni.

Kueleweka: 4. Hapa sina neno, ila "akaulizwa" na nani? Mtie jirani wa kiti basi.

Ufupi: 2. Foleni, tiketi, kupanda juu, vyote havina kazi, kata.

Kufaa kwa watu: 1, na hapa ndo nataka unisikilize. Kwanza wewe mtu wa Unguja unakwenda Chake kuwaambia Wapemba wabahili, hao wenyewe wakitaniana sawa, wewe mgeni utachekewa kwa adabu tu. La pili zito zaidi: "boti ikalala ubavu" na Nungwi kwenye sentensi moja. Spice Islander ilizama huko huko Septemba 2011 ikielekea Pemba, na ukumbini hutakosa mtu aliyezika au ambaye wake hakuonekana mpaka leo. Hilo toa kabisa, usiseme utalipunguza. Kutapika hakuna tatizo, bahari chafu kila mtu inampata na wazee wa kule wanapenda sana kumcheka mtu wa Unguja alojaza mfuko.

Jumla 9 kwa 20, kwa hivi kilivyo usikiseme. Mie ningekisema hivi, na mhusika uwe wewe mwenyewe:

"Jana kwenye boti bahari chafu, watu wote mifuko mdomoni, mie nimebana meno tu. Jirani yangu akanambia, wewe hutapiki? Nkamwambia, chapati hizi nimekopa. Nilipe mie, wale samaki?"

Hiki nakipa 15: kushtukiza 4, kueleweka 4, ufupi 4, kufaa 3. Hiyo 3 kwa sababu ya wakati, pilau likishaanza kuliwa habari za kutapika hazifai, kwa hiyo muombe emsii akupe maiki kabla chakula hakijatoka, na kama ratiba haibadiliki basi sema kile chako cha mzee na funguo za ofisi. Ukishafika "samaki" nyamaza, usianze kuwafafanulia.