Yah: Muhtasari wa kozi na orodha ya vitabu, muhula wa baridi

Shikamoo Profesa,

Mimi ni Neema, mwanafunzi wa Dar es Salaam nitakayejiunga na semina yako ya fasihi ya Kiswahili huko Leipzig mwezi Oktoba. Mwenzangu aliyeko huko alinitumia picha za muhtasari uliobandikwa ubaoni, nikazitafsiri kutoka Kijerumani kwa simu. Nimeelewa sehemu kubwa, ila naomba unisaidie mambo matatu.

Kipindi kimeandikwa "10 c.t.". Nimesoma kwamba maana yake ni saa nne na robo asubuhi. Je, ndivyo?

Neno "Semesterapparat" simu imelitafsiri "kifaa cha muhula". Nadhani ni rafu ya maktaba inayotengewa vitabu vya kozi. Kama sivyo, tafadhali nirekebishe.

Kubwa zaidi ni kitabu cha 7. Mkunjo wa karatasi umefuta jina la mwandishi, zimebaki kurasa tu, 12–48. Naomba jina lake nikitafute hapa kabla sijasafiri, maana ningependa kufika nimeshasoma. Picha nimeiambatisha.

Nashukuru sana, Profesa.

Wako mtiifu,
Neema