Maelekezo kwa wapiga picha: harusi ya Ijumaa, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum. Saa 9:00 alasiri anzeni nyumbani, Barabara ya 12: hina ya mikononi ipigwe kwa karibu, hadi ncha za vidole. Ndani anaingia dada wa kamera peke yake, na picha za wanawake wasiojistiri zisirushwe popote.

Ndoa ni msikitini, saa 10:15. Hapa muwe macho kweli: walii ni ami wa bibi harusi, mwenye kilemba cheupe, kwani baba ni marehemu. Akishikana mkono na bwana harusi, ijabu na kabuli huisha kwa sekunde chache na hatutairudia kwa ajili ya kamera. Kinasa sauti kibanwe mapema kwenye kanzu ya bwana harusi. Feni humeza maneno. Flashi hapana.

Saa 11:00 anaingia ndani, anamwekea mkewe mkono kwenye paji la uso na kumsomea dua. Video isikatwe.

Kisha Raskazone kabla ya 12:00. Waipe bahari mgongo, jua liwaangaze usoni.

Wa lazima: bibi mzaa mama (magoti yanamsumbua, apigwe kwanza, ameketi), somo, mashangazi wa Pangani. Betri za akiba tatu, umeme hukatika.