DOKEZO: Kuhamishia barua pepe na mafaili ya shule kwenye wingu

Kwa: Mkuu wa Shule
Kutoka: Ofisa Utawala
Nakala: Mhasibu, Mwalimu wa Taaluma
Tarehe: 6 Oktoba 2025

Mkuu, naomba kibali tuhamie Google Workspace for Education Fundamentals wakati wa likizo ya Desemba.

Yaliyotupata Machi unayakumbuka. Diski ya seva ilikufa umeme uliporudi kwa kishindo, na alama za majaribio za Kidato cha Nne zikabaki kwenye flashi moja ya bluu, faili likiitwa `MATOKEO_F4_MWISHO_KABISA2.xlsx`. Halikuwa la mwisho. Taaluma walikesha siku tatu wakiingiza alama upya kutoka kwenye karatasi. Barua pepe nazo tunazilipia 780,000 kwa mwaka, ilhali nusu ya walimu wanatumia anwani zao binafsi. Mtu akihama, barua za wazazi anaondoka nazo.

Leseni ya Fundamentals ni bure kwa shule zinazokidhi vigezo, na nafasi ni TB 100 za pamoja kwa shule nzima. Anwani yetu ya .sc.tz haibadiliki. Lakini bure hiyo ina gharama zake, kwa shilingi:

Kulipia jina la .sc.tz, mwaka: 30,000
Fundi wa kuhamisha, siku 5: 400,000
Mafunzo, walimu 42 kwa siku 2 (chai na chakula 8,000): 672,000
Nyongeza ya intaneti, 60,000 × miezi 12: 720,000
UPS ya ruta: 280,000
Diski ya nje ya nakala rudufu: 230,000
Jumla mwaka wa kwanza: 2,332,000

Kuanzia mwaka wa pili ni 750,000. Ukilinganisha na 780,000 za sasa, tunaokoa 30,000 tu, kwa hiyo sitetei hoja hii kwa kubana matumizi. Naitetea kwa sababu ya zile siku tatu za Machi.

Mhasibu ameuliza intaneti ikikatika itakuwaje. Mafaili yaliyowekwa tayari kwenye kompyuta yatafunguka, barua zitasubiri. UPS niliiweka ili umeme ukikatika ruta isizime. Ukiniambia nipunguze bajeti, nitaanza na chakula cha mafunzo kabla ya kuigusa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni taarifa za wanafunzi, maana zitakaa kwenye mitambo iliyo nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu, hivyo wazazi waandikiwe na kuridhia kabla hatujahamisha chochote. Rekodi za afya na za nidhamu napendekeza zibaki kabatini kwa sasa. Kila mtumishi atathibitisha kwa simu anapoingia, na anayeacha kazi akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Naomba uamuzi kabla ya tarehe 17 Oktoba, kwa kuwa maombi ya shule huhakikiwa kwanza, na barua za wazazi lazima ziende na ripoti za Novemba.