Ombi la kuuza bidhaa zangu za ukili kwenye kaunta yako

Assalamu alaykum, Mzee Salim. Natumai u mzima wa afya, wewe na jamaa zako wote. Mimi ni Mwanamisi wa Kisauni, yule aliyenunua kwako iliki, mdalasini na pilipili manga Jumamosi iliyopita. Siku hiyo nilikuja na neno, lakini wateja walikuwa wengi na sikuona vyema kukukatiza kazi, ndiyo maana nakuandikia.

Kazi yangu ni kusuka ukili na kushona vikapu, mikoba na vipepeo vya miyaa, kazi niliyofunzwa na mama yangu. Naomba unipe nafasi ya dhiraa moja kwenye kaunta yako, ule upande wa mlangoni usio na mizani, niweke bidhaa hizo kwa mali kauli. Hutatoa mtaji wowote. Mali itabaki kuwa yangu mpaka iuzwe, na katika kila kitakachouzwa utakata asilimia 20, yaani kikapu cha shilingi 1,200 kitakupa shilingi 240 nami nitapata 960.

Sikulichagua duka lako kwa kubahatisha. Wageni wanaotoka kutazama Ngome ya Yesu na kushika njia ya Ndia Kuu hupita mlangoni pako, na nimewaona wakitoka kwako wamekumbatia pakiti za viungo kifuani, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi wa Agosti 2017 mtu hulazimika kutafuta cha kubebea. Zile pakiti nilizonunua kwako nilizipanga usiku ule ule ndani ya kikapu changu kidogo, zikaingia zote na pakabaki nafasi ya pakiti ya halua. Kwa hiyo sidhani kwamba vikapu vyangu vitakunyang'anya nafasi ya biashara yako. Mteja akikiona kikapu huenda akaongeza viungo vya kukijaza.

Kwa kuanzia ningeleta vikapu 8 vya shilingi 1,200, mikoba 6 ya shilingi 900 na vipepeo 10 vya shilingi 250, mali ya shilingi 17,500 kwa jumla. Vyote vikiuzika, fungu lako litakuwa shilingi 3,500. Najua wageni hupenda kuvutana bei, nawe una ruhusa yangu ya kupunguza, ila kikapu kisishuke chini ya shilingi 1,000, mkoba 750 na kipepeo 200. Hapo naomba unielewe, mzee wangu. Miyaa nainunua, rangi naichemsha mwenyewe kwa makaa, na kikapu kimoja hunichukua siku tatu, kwani ukili wake ni mwembamba na naushona kwa shazia mshono karibu na mshono ili kitako kisije kikaachia mzigo. Bei ikishuka zaidi ya hapo nitakuwa nimeuza miyaa na rangi tu, jasho langu nimelitoa bure.

Jambo la pili ninaloomba ni maandishi. Niliwahi kuweka mikoba katika duka moja kwa maneno matupu, na miezi miwili baadaye mwenye duka akakumbuka mikoba mitano ilhali mimi nilikumbuka minane; hakuna aliyeweza kumthibitishia mwenzake, na ujirani wetu ukaharibika. Nitaleta daftari mbili zinazofanana, moja ikae kwako na nyingine kwangu, tutie saini kila ninapoleta mali. Kila kitu kitakuwa na kikaratasi cha bei kilichofungwa kwa uzi, nawe ukiuza utakikata tu na kukitia kwenye kopo, ili usilazimike kuandika wakati wateja wamekuzunguka. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi nitakuja tuhesabu vikaratasi, nawe utanilipa fungu langu siku hiyo hiyo, kwa taslimu au kwa M-Pesa.

Kitakachoharibika kwa unyevu au kupauka kwa jua nitakichukua bila kukudai, mradi visiegemezwe kwenye ukuta wenye maji, kwani miyaa hushika kuvu upesi. Kitakachopotea kikiwa kaunta tugawane hasara nusu kwa nusu kwa bei ya chini niliyotaja, ingawa hilo niko tayari kulizungumza zaidi ukiona linakulemea.

Napendekeza tujaribu kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Januari, wakati wa kaskazi ambapo wageni ni wengi. Ukiona bidhaa zinakubania, nipe habari ya siku tatu nami nitaziondoa zote. Ukiniruhusu, nitapita Jumatano baada ya swala ya alasiri na kikapu kimoja, mkoba mmoja na kipepeo, uvishike na kuvikagua mwenyewe kabla ya kunijibu.

Wako kwa heshima,
Mwanamisi, Kisauni