Ampuli ya Kumi na Saba

Saa 12 na dakika 10 asubuhi, mvua ya Aprili ikiwa bado inapiga bati na ukungu umelala chini ya Mlima Rungwe kiasi cha kuficha hata migomba ya uani, Sista Tusajigwe alivuta kiti mbele ya kabati la wodi ya wazazi, akafungua leja kwenye ukurasa wa usiku ule na kuanza kuhesabu. Zamu ya mchana ingeingia saa 1 na nusu. Angeweza kusubiri hadi wenzake wafike, wahesabu pamoja haraka haraka na kutia saini, kama ilivyokuwa desturi ya wengi. Yeye alipenda kuhesabu peke yake kwanza, halafu arudie mbele ya anayempokea, kwa sababu hesabu inayofanywa huku mtu mmoja amevaa koti la kuondoka na mwingine hajavua la kuingilia huwa ni hesabu ya kukubaliana tu.

Alianza na vitu vikubwa. Mashuka 22, mablanketi 14, mkasi wa kitovu 3, mashine ya kupimia presha 1, kikombe cha kusikilizia moyo wa mtoto 1. Glavu za kuzalishia zilibaki jozi 31, kanula za kijani 9, gozi pakiti 6. Kwenye mstari wa plasta alisita kidogo, akaandika sifuri. Roli ya mwisho iliisha saa 5 usiku, na tangu hapo walikuwa wakibandua vipande kutoka kwenye chupa tupu ili kushikizia kanula mpya.

Kisha akafungua friji. Umeme ulikuwa umekatika saa 10 alfajiri na kurudi karibu saa 12, hivyo alitazama kipimajoto kabla ya kitu kingine chochote: nyuzi 7. Oksitosini huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo ilikuwa salama, ingawa kwa kubahatisha. Akatoa trei, akahesabu ampuli kwa ncha ya kalamu, moja moja. Kumi na sita. Akarudia kuanzia upande wa pili. Kumi na sita.

Leja ilisema alipokea 20 jioni, na saini yake ilikuwepo. Usiku ule walijifungua akina mama watatu, kila mmoja akachomwa ampuli moja ya yuniti 10 pajani mara tu mtoto alipotoka, ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Ishirini kutoa tatu ni kumi na saba.

Aliinama akamulika chini ya friji kwa simu, kisha nyuma yake, kisha ndani ya trei ya kuzalishia. Hakukuwa na kigae wala harufu ya dawa. Akafungua faili za wale watatu na kusoma tena kila mstari, maana ingewezekana mmoja wao aliongezewa dozi ya pili na mtu akasahau kuandika. Hakuna aliyetokwa damu kupita kiasi. Wote watatu walikuwa wamelala na watoto wao kifuani, na aliyejifungua saa 7 usiku alikuwa anakoroma.

Sista Subira wa zamu ya mchana aliingia mapema, akikung'uta mwavuli mlangoni.

"Ugonile, dada. Mmeamkaje huku?"

"Ndaga, mwenzangu. Tumeamka salama, ila nimepungukiwa ampuli moja ya oksitosini."

Subira aliitazama leja, akatabasamu kwa huruma ya mtu aliyewahi kukesha. "Moja tu? Andika imevunjika, mimi nitatia saini. Usijitese na usiku wote huu."

Alisema kwa nia njema, na ingekuwa pamba au sindano, huenda Tusajigwe angekubali. Lakini oksitosini haina kazi nyingi nje ya wodi kama ile. Haiuzwi kama panadoli, hailevyi, hakuna mtu wa kuiba ampuli moja akaacha kumi na sita. Ikiwa haimo kwenye trei na haikuvunjika, basi imo ndani ya mama fulani, na kama imo ndani ya mama ambaye hajajifungua, jambo hilo lingetakiwa kuandikwa, kupimwa na kulindwa kila nusu saa, kwa sababu dawa ileile inayookoa baada ya mtoto kutoka inaweza kuua kabla hajatoka.

"Haikuvunjika," alisema. "Nipe dakika kumi."

Lusajo, muuguzi kijana aliyekesha naye, alikuwa amempeleka mtoto mmoja kwenye wodi ya wachanga na simu yake haikupokelewa. Basi Tusajigwe akachukua faili za akina mama wanne waliokuwa bado na uchungu na kuzisoma amesimama. Katika ya tatu alikuta mwandiko wa daktari wa zamu, uliolazwa upande kama wa mtu anayeandika gizani: saa 10 na nusu, njia haijaongezeka kwa saa nne, chupa imepasuka, aongezewe uchungu kwa oksitosini yuniti 5 ndani ya dripu ya mililita 500. Jina: Atupele. Kitanda namba 3.

Saa 10 na nusu yeye mwenyewe alikuwa chumba cha kuzalishia, amepiga magoti kwa yule mama wa tatu, huku Subira huyu akiwa bado amelala kwake na Lusajo akizunguka peke yake na tochi ya simu mdomoni. Hakuwa ameisoma amri ile. Alihisi pumzi inamrudi: ampuli imepatikana, imetumika kihalali, imesahauliwa tu kuandikwa. Alikwenda kitanda namba 3 kuangalia matone.

Atupele wa namba 3 alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akinywa uji. Mkononi mwake hapakuwa na kanula.

"Mama, hukutundikiwa dripu alfajiri?"

"Hapana, Sista. Nilikwenda chooni umeme ulipokatika, niliporudi sikumwona mtu."

Mtu asiyeifahamu Rungwe anaweza asielewe kwa nini Tusajigwe aligeuka palepale bila kuuliza swali la pili. Huku jina Atupele ni la watu wengi, ni shukrani kwa Mungu aliyetupa, na ukiliita gizani katika wodi ya wazazi si ajabu kupata jibu kutoka kitanda usichokikusudia. Usiku ule walikuwepo wawili. Wa pili alikuwa kitanda namba 6, mwenye kovu la upasuaji wa mtoto wa kwanza, aliyepangiwa kuingia chumba cha upasuaji asubuhi hiyohiyo.

Namba 6 alikuwa na dripu, na ndiyo sababu hakuna aliyeishangaa. Tusajigwe aliitundika kwa mkono wake saa 8 usiku, maji matupu. Kwa kasi aliyoiweka, chupa ile ingekuwa imebaki vidole viwili. Iliyokuwa inaning'inia ilikuwa juu ya nusu. Ilikuwa chupa nyingine, na haikuwa na kibandiko chochote cha kueleza kilichomo, maana cha kubandikia hakikuwepo.

Alifunga kidhibiti cha matone kabla hajasema neno. Kisha akachomoa mpira wote, kwa kuwa dawa iliyobaki ndani ya mpira nayo ni dawa, akaunganisha mwingine wenye maji safi.

"Mwanangu, lala ubavu wa kushoto. Pole pole, hivyo hivyo. Uchungu ukoje?"

Yule mama alikuwa ameuma kona ya kitenge. "Umebadilika, Sista. Haupumziki. Na hapa," aligusa juu ya kovu, "panauma hata ukiachia."

Tusajigwe aliweka kiganja tumboni na kutazama saa ya ukutani. Kwa dakika kumi alizoomba kwa ajili ya hesabu, sasa alihesabu kitu kingine: mikazo sita, mmoja ukishika mkia wa mwingine. Subira, ambaye hakuhitaji kuelezwa, alikuwa amekwisha kuleta kile kikombe na kumpigia daktari. Tusajigwe aliinamisha sikio. Moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda 98 kwa dakika, wakati unatakiwa usishuke chini ya 110.

Wakasubiri hapo, mmoja na sikio tumboni, mwingine ameshika mkono wa mama. Dakika ya nne, 104. Dakika ya saba, 116. Mikazo ikaanza kuachana.

Lusajo alirudi akiwa amelowa mabega. Alipoona wamesimama wapi, alipunguza mwendo.

"Lusajo, mdogo wangu, dripu hii uliitundika wewe?"

"Ndiyo, Sista. Ya Atupele, kama daktari alivyoandika. Niliita jina, akasema abee." Aliangalia namba iliyochorwa ukutani juu ya kitanda, na midomo yake ikabaki wazi. "Nikaitwa kupokea mtoto kabla sijaandika kwenye leja. Nilitaka kuandika juu ya chupa, hapakuwa na plasta."

Hakumkemea. Palikuwa na machela ya kusukuma.

Daktari alifungua tumbo saa 1 na dakika 25. Mtoto wa kike wa kilo 3 na gramu 100 alilia baada ya kusuguliwa mgongo kidogo. Daktari aliyetoka nje na barakoa ikining'inia shingoni alisema kovu lilikuwa limeachia sehemu na kubaki jembamba kama karatasi, kiasi kwamba aliona nywele za mtoto kupitia humo kabla hajakata. Hakuongeza neno. Alikaa kwenye benchi la korido na kuomba maji ya kunywa.

Ilikuwa saa 2 na nusu walipoketi tena mbele ya kabati, watatu sasa, mvua imekuwa manyunyu. Tusajigwe alihesabu upya mbele ya Subira: mashuka, mablanketi, mikasi, na ampuli kumi na sita. Lusajo alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Sista, utaandika jina langu?"

"Nitaandika lako lililotundika, na langu lililokuwa mkuu wa zamu na halikupita kitanda namba 6 tangu saa 8 usiku. Keti hapa, unisaidie saa, nisikosee."

Aliandika kwa mwandiko wa wima, bila kukata neno. Oksitosini yuniti 5 kutoka ampuli moja, saa 11 kamili alfajiri, ndani ya dripu ya mililita 500, kwa mama asiyekusudiwa. Muda ulioingia, takriban saa moja na nusu. Mapigo ya mtoto yalipogunduliwa, 98. Dripu kusimamishwa, saa 12 na dakika 35. Umeme haukuwepo. Chupa haikuwa na kibandiko.

Subira alivuta leja kutia saini, lakini Tusajigwe aliirudisha kidogo, akapanda kwenye mistari ya juu hadi pale alipoandika sifuri, na mbele yake akaongeza kwa herufi ndogo: plasta, tangu saa 5 usiku.