Rodi Zilizolowa

Nilipunguzwa kazi nikiwa na miaka 50, karakana yetu Nakuru ilipofungwa. Miezi minne nilikaa nyumbani nikihesabu mabati ya paa. "Baba watoto," mke wangu akasema, "hata kuku wamekuzoea."

Tukarudi Kisumu, nikakodi kibanda karibu na soko la Kibuye. Siku ya tatu akaja kijana. "Mzee, nisaidie kazi." Nikampa rodi na vipande viwili vya chuma. Akachomelea kama anayemwaga uji. Vitundu kila mahali.

"Mashine yako mbovu, mzee."

Nikacheka. Rodi zililowa usiku, na kutu hakuikwangua. Tukazianika juani, tukapiga brashi ya waya, nikamshika mkono: usikimbize, sikiliza mlio, uwe kama nyama inayokaangwa. Jioni tulipogonga ganda, mshono ulikuwa umelala kama ukili wa mkeka.

Sasa wako watano. Wasichana wawili ndio wenye mikono mitulivu zaidi, ingawa sisemi mbele ya wenzao. Pesa hazifiki zile za zamani. Jana mmoja alikataa kumkabidhi mteja lango kwa sababu ya mshono mmoja tu. Mteja akanuna. Mimi nikaenda nyuma ya kibanda kupangusa macho. Moshi, niliwaambia.