ILANI YA KUSITISHA MKATABA WA UUZAJI WA MAFUTA GHAFI YA MAWESE

Mlole Sabuni na Mafuta Limited
Kigoma

Kumb. Na. MSM/RML/02/2025
26 Februari 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Ruchugi Mawese Limited,
Kazuramimba, Wilaya ya Uvinza,
Kigoma.

(Kwa mkono, dhidi ya saini na mhuri)

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUSITISHWA KWA MKATABA WA TAREHE 12 AGOSTI 2024 KWA SABABU YA UVUNJAJI WA MSINGI AMBAO HAUKUREKEBISHWA

Husika na somo hapo juu.

1. Kwa barua hii, Mlole Sabuni na Mafuta Limited (Mnunuzi) inasitisha Mkataba wa Uuzaji wa Mafuta Ghafi ya Mawese iliouingia na kampuni yako (Muuzaji) tarehe 12 Agosti 2024. Mkataba unakoma siku barua hii itakapopokelewa katika ofisi yenu ya Kazuramimba. Tunatumia haki tuliyopewa na kifungu cha 14.3, baada ya muda wa marekebisho kwisha tarehe 24 Februari 2025 bila kasoro kurekebishwa.

2. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili kuanzia 1 Septemba 2024: lita 16,000 kila mwezi kwa bei ya Sh 3,400 kwa lita, asidi huru isiyozidi asilimia 5 na maji yasiyozidi asilimia 0.5. Kifungu cha 5.4 kinasema wazi kuwa muda wa kufikisha mzigo ni sharti la msingi. Kifungu cha 14.2 kinahesabu kuwa uvunjaji wa msingi (a) kufikisha mafuta yanayokubalika chini ya asilimia 75 ya kiasi cha mwezi kwa miezi miwili mfululizo, na (b) kufikisha mafuta yaliyovuka kiwango cha asidi au maji zaidi ya mara moja katika siku 90.

3. Septemba na Oktoba 2024 mlifikisha kiasi kamili, na mafuta yalikuwa mazuri. Novemba mlifikisha lita 15,200. Upungufu huo ulikuwa mdogo, hatukuulalamikia wakati ule, na hatuutumii leo kama sababu ya kusitisha. Tatizo ni Desemba na Januari. Desemba 2024 mlileta lita 9,400. Kati ya hizo lita 5,200 zilikataliwa kwa kuwa na asidi ya asilimia 9.2, zikabaki lita 4,200. Januari 2025 mlileta lita 6,100; lita 4,100 zilikataliwa zikiwa na asidi ya asilimia 11.8 na maji ya asilimia 1.6, zikabaki lita 2,000. Kiwango cha chini ambacho kingeweza kuvumilika kwa mwezi ni lita 12,000. Miezi yote miwili mlikuwa mbali nacho.

4. Ilani yetu ya marekebisho, Kumb. Na. MSM/RML/01/2025, ilifikishwa kwa mkono ofisini kwenu tarehe 3 Februari 2025 na kupokelewa na mhasibu wenu, aliyetia saini na kugonga mhuri wa kampuni. Barua yenu ya tarehe 10 Februari inaitaja ilani hiyo kwa namba yake, hivyo hatutarajii ubishi juu ya kupokelewa kwake. Kifungu cha 14.3 kinatoa siku 21 zinazoanza kuhesabiwa siku inayofuata siku ya kupokea. Siku ya kwanza ilikuwa 4 Februari na ya ishirini na moja ilikuwa 24 Februari. Tumesubiri siku nzima ya 24 iishe, na tumesubiri pia tarehe 25 ili gari lililochelewa njiani lisije likanyimwa nafasi. Kusubiri huko hakukuwa kuongeza muda.

5. Ilani ilitaka mambo matatu: mfidie upungufu wa Desemba na Januari, ambao ni lita 25,800, kila mzigo ukidhi viwango, na mtufungulie mlango wa mashine yenu ya kukamulia tuone mise inavyohifadhiwa kabla ya kuchemshwa, kama kifungu cha 9.6 kinavyoruhusu.

6. Yaliyofanyika ni haya. Tarehe 7 Februari mlileta lita 5,600 zenye asidi ya asilimia 4.8. Tulizipokea na kuzilipia tarehe 14 Februari, Sh 17,920,000 baada ya kukata Sh 200 kwa lita za malipo ya awali. Tarehe 19 Februari mlileta lita 3,900 zenye asidi ya asilimia 7.9, tukazikataa. Baada ya hapo hakuna gari lililofika. Ukaguzi wa mashine mliukataa kwa simu, kisha kwa maandishi. Tumeuhesabu mzigo wa tarehe 7 Februari kwa njia inayowafaa ninyi zaidi: tumeuingiza wote kwenye fidia ya upungufu, bila kugusa wajibu wenu wa Februari yenyewe. Hata hivyo zinabaki lita 20,200 ambazo hazikuletwa.

7. Kupokea na kulipia mzigo wa tarehe 7 Februari hakukuwa kusamehe kasoro zilizotangulia. Kwenye hati ya mapokezi ya siku ile tuliandika kuwa tunapokea bila kuathiri ilani, na dereva wenu alisaini. Tuliulipia mzigo huo kwa sababu ulikuwa mzuri na tulikuwa tunadaiwa. Hatukutaka kuwa na deni la ankara huku tukiwadai ninyi utekelezaji.

8. Tumezisoma kwa makini hoja za barua yenu ya 10 Februari, na tunazijibu moja moja kwa sababu ni haki yenu kujua kwa nini hazikubadili uamuzi.

Mnasema asidi ilipanda kwa sababu mvua ziliharibu barabara na magari yakakaa njiani. Safari ndefu haiwezi kueleza asidi ya asilimia 11.8. Asidi huru huanza kupanda kwenye tunda lenyewe: chikichi likishakatwa na kuchubuka, vimeng'enya vyake huanza kuvunja mafuta, na mise ikikaa siku kadhaa bila kuchemshwa, mafuta hutoka yameshaharibika kabla dumu halijajazwa. Maji yakibaki kwenye mafuta, uharibifu huendelea. Ndiyo maana tuliomba kuona mise inavyokaa kabla ya kuchemshwa, na ndiyo maana kukataa ukaguzi kuna uzito. Isitoshe, kifungu cha 17 kinataka taarifa ya maandishi ndani ya siku 7 pale upande mmoja unapozuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Taarifa hiyo haikuletwa Desemba wala Januari.

Mnasema pia kuwa sampuli za Januari zilichotwa chini ya mapipa, mahali maji yanapotuama. Hoja hii ingekuwa nzito kama ingekuwa kweli, kwa kuwa mawese hujitenga na kuganda, na sampuli ya chini pekee au ya juu pekee hudanganya. Lakini fomu ya uchukuaji sampuli ya tarehe 22 Januari inaonyesha kuwa mapipa yalipashwa moto, yakakorogwa, na sampuli zikachotwa juu, katikati na chini, zikachanganywa na kugawanywa kwenye chupa tatu zilizofungwa lakiri. Mwakilishi wenu alikuwepo, alisaini, na akaondoka na chupa yenu. Hamjatuletea matokeo ya chupa hiyo. Chupa ya tatu bado ina lakiri na tunaitunza kwa ajili ya msuluhishi.

Mwisho mnasema bei ya soko imepanda, na kwamba mtaendelea kuleta "kadri tutakavyoweza" hadi bei iongezwe kufikia Sh 4,600. Bei ilikubaliwa kuwa haibadiliki kwa miezi 12. Kupanda kwa soko ndiyo hatari ambayo pande zote mbili ziligawana ziliposaini: kama bei ingeshuka, tungebaki tukilipa Sh 3,400.

9. Tunatambua kuwa upande unaositisha mkataba bila haki huwa umeuvunja wenyewe, na hugeuka kuwa mdaiwa wa fidia. Hatuchukui hatua hii kwa wepesi. Kwa sababu hiyo hatujajenga usitishaji huu juu ya kifungu cha 39 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kama msingi wa kwanza. Kifungu hicho kinahusu upande uliokataa, au uliojiondolea uwezo wa kutekeleza ahadi yake yote. Ninyi mmesema mtaleta mnachoweza, na tusingependa kuyapa maneno yenu uzito usiokuwemo. Msingi wetu ni kifungu cha 14.2(a) na (b) cha Mkataba, kila kimoja kikijitosheleza, pamoja na kushindwa kurekebisha chini ya 14.3. Endapo msuluhishi ataona kuwa mwenendo wenu wote, yaani kudai bei mpya kama sharti, kukataa ukaguzi na kuacha kuleta mzigo, ulikuwa pia kuukataa Mkataba, basi barua hii ichukuliwe kuwa ni kuukubali ukataaji huo na kuuhitimisha Mkataba kwa msingi huo mbadala.

10. Kutokana na usitishaji huu:

Rejesheni Sh 28,200,000 ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Tulitoa malipo ya awali ya Sh 40,000,000. Lita 59,000 zilizokubaliwa tangu Septemba, kwa makato ya Sh 200 kwa lita, zimelipa Sh 11,800,000.

Rudisheni mapipa yetu 60 ya lita 200, yakiwa matupu na safi, ndani ya muda huo huo.

Chukueni lita 8,000 zilizokataliwa Januari na Februari, ambazo ziko ghalani kwetu zikiwa zimetengwa. Ni mali yenu. Hatutazishikilia kama dhamana ya deni wala hatutazitumia. Ghala liko wazi kwenu kila siku ya kazi.

11. Tutanunua mafuta kwingine kwa bei nafuu kadri itakavyopatikana, kwa kuwa sheria inatutaka tupunguze hasara na si kuikuza. Tofauti ya bei na gharama zilizotokana moja kwa moja na uvunjaji tutazidai kwa stakabadhi, chini ya vifungu vya 73 na 75 vya Sheria ya Mikataba. Kifungu cha 15 cha Mkataba kinataja asilimia 10 ya thamani iliyobaki. Hatuidai jumla hiyo leo. Kifungu cha 74 cha Sheria kinatoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa, na tunaona ni sahihi kudai hasara tuliyoipata kweli. Haki nyingine zote tunazihifadhi.

12. Tangu kupokelewa kwa barua hii hamfungwi tena na sharti la kutuuzia sisi kwanza. Wakulima wa Kazuramimba na Kandaga wanaowaletea mise wanategemea mashine yenu, na hatutaki ugomvi wetu uwazuie kupata soko. Vifungu vya usiri, malipo yaliyokwishaiva na utatuzi wa migogoro vinaendelea.

13. Mkipinga jambo lolote, kifungu cha 21 kinataka mazungumzo ya siku 14 kabla ya shauri kupelekwa kwa msuluhishi, Kigoma, chini ya Sheria ya Usuluhishi, Sura ya 15. Tuko tayari kukutana ofisini kwetu Jumatano, 5 Machi 2025, saa 4 asubuhi. Tafadhali njooni na matokeo ya chupa yenu ya sampuli. Kukutana huko hakutafufua Mkataba isipokuwa kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili.

Wako katika kazi,

Mkurugenzi Mtendaji
Kwa niaba ya Mlole Sabuni na Mafuta Limited

Nakala: Wakili wa Mnunuzi, Kigoma

Viambatisho: ilani ya 3 Februari 2025 yenye mhuri wa mapokezi, hati za mapokezi za Desemba 2024 hadi Februari 2025, fomu ya sampuli ya 22 Januari 2025, barua ya Muuzaji ya 10 Februari 2025, hesabu ya malipo ya awali